Mradi mmoja, majibu mawili: mmoja kapata hasi 14, mwingine chanya 48. Nani kakosea?

Dira77
Wakuu, heshima zenu. Naomba msaada, kikao ni Alhamisi.

Ofisini tunapima mradi wa kununua mashine ya kufungasha bidhaa. Bei yake ni milioni 100, zinalipwa zote siku ya kwanza. Itafanya kazi miaka 5, baada ya hapo haina thamani hata ya chuma chakavu. Kwa bei za leo italeta mauzo ya milioni 80 kwa mwaka na kula gharama za milioni 52, kwa hiyo kila mwaka zinabaki milioni 28. Mfumuko wa bei tumeukadiria asilimia 10 kwa mwaka. Kiwango cha kushushia thamani tumepewa na idara ya fedha: asilimia 18.8. Wanasema wamekipata kwa kuchanganya riba ya mkopo wa benki na faida wanayoidai wenye hisa.

Wenzangu wawili wamefanya hesabu kila mtu kivyake. Wa kwanza kachukua 28 zilezile kwa miaka yote mitano, kazishusha kwa 18.8, kaondoa milioni 100 za mashine, kapata hasi 14. Wa pili kazipandisha 28 kwa asilimia 10 kila mwaka, halafu akasema mfumuko umeshaingia kwenye fedha kwa hiyo usiwemo tena kwenye kiwango, kashusha kwa asilimia 8, kapata chanya 48. Bosi anauliza swali moja tu: nani kakosea?

Bahari_Tulivu
Wa kwanza yuko sawa. Kushusha thamani maana yake ni nini kama si mfumuko wa bei? Pesa ya mwaka wa tano ni ndogo kuliko ya leo kwa sababu vitu vitakuwa vimepanda. Ukizipandisha zile 28 halafu ukazishusha, unapanda ngazi na kushuka ngazi ileile. Kazi bure.

FundiEksel
Bahari, hapana. Hata bei zisipopanda kabisa, mtu aliyekukopesha atataka zaidi ya alichokupa, maana amesubiri na amebeba hatari. Mfumuko ni sehemu moja tu ya ile 18.8.

Dira, jibu rahisi: toa mfumuko kwenye kiwango. 18.8 toa 10 ni 8.8. Tumia 8.8 kwa zile 28 zisizopanda. Mimi napata chanya 9.5. Mradi unalipa.

Mkaguzi_Mstaafu
Dira, mwambie bosi wako wamekosea wote wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Wa kwanza ana fedha za bei za leo. Milioni 28 za mwaka wa tano kwenye jedwali lake zinanunua vitu vilevile ambavyo 28 zinanunua leo. Lakini kiwango chake kimebeba mfumuko ndani, maana benki ilipokupangieni riba ilishajua kwamba fedha mtakayoirudisha itakuwa imelegea, ikajilipa mapema. Kwa hiyo mwenzako anatozwa mfumuko kwenye gharama ya mtaji, lakini kwenye mauzo anajinyima. Ndiyo maana mradi umeonekana mbovu.

Wa pili kafanya kinyume. Fedha kazivimbisha kwa mfumuko, halafu kazishusha kwa kiwango kilichokwisha kukamuliwa mfumuko. Anajipa mauzo ya bei za kesho na mtaji wa gharama ya dunia isiyo na mfumuko. Hapo hata mradi mbovu unapendeza. Kati ya makosa haya mawili naliogopa zaidi hili, kwa sababu jibu lake linamfurahisha kila mtu na hakuna anayerudi kuangalia.

Fedha na kiwango vivae nguo ya aina moja, basi. Kama fedha ni za bei za leo, kiwango kiwe halisi, yaani kisicho na mfumuko ndani. Kama fedha ni zile zitakazosomeka kwenye taarifa ya benki mwaka huo, kiwango kibebe mfumuko.

Sasa FundiEksel: umeelekea palipo sahihi, ila usitoe, gawanya. Hii ndiyo kanuni ya mchumi Irving Fisher:

```
=(1+18.8%)/(1+10%)-1
```

Inatoa asilimia 8 kamili. Ukitoa unapata 8.8, kwa sababu umesahau kwamba hata ile faida halisi nayo inaliwa na mfumuko. Mfumuko ukiwa asilimia 2 au 3, tofauti hiyo haionekani. Ukiwa 10 inaonekana: wewe umepata 9.5, jibu ni 11.8.

Dira77
Asante mzee. Lakini hiyo 11.8 nitaithibitishaje? Nikienda na jibu la tatu watasema na mimi nimebuni.

Mkaguzi_Mstaafu
Ifanye kwa njia zote mbili mbele yao.

Njia ya kwanza ni bei za leo: 28 kila mwaka kwa miaka 5, ishushe kwa asilimia 8. Jumla ya thamani ya sasa ni 111.8. Ondoa 100.

Njia ya pili ni fedha za mwaka wenyewe. Mwaka wa kwanza 28 inakuwa 30.8, wa pili 33.88, wa tatu 37.27, wa nne 40.99, wa tano 45.09. Zishushe kwa 18.8. Zinashuka kuwa 25.93, 24.01, 22.23, 20.58 na 19.06. Zijumlishe: 111.8 ileile.

Zikikutana hivyo, kazi imenyooka. Zikitofautiana hata kidogo, kuna mahali mfumuko umeingia upande mmoja tu, na lazima upatafute kabla ya kwenda mbele.

FundiEksel
Nyongeza kwa Dira: fomula ya NPV ya Eksel, ile ya kushusha fedha za miaka ijayo kuwa thamani ya sasa, inahesabu seli ya kwanza kama fedha ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Milioni 100 za siku ya kwanza usiziweke ndani ya mabano, zijumlishe nje:

```
=NPV(18.8%,C5:G5)+B5
```

B5 iwe -100. Ukiziweka ndani, kila kitu kinasogea mwaka mmoja na njia zako mbili hazitakutana hata ufanye nini.

Na hiyo ya kugawanya nimekubali.

Bahari_Tulivu
Basi kama majibu ni yaleyale, mfumuko hauna maana. Chukua bei za leo, tumia 8, lala. Ndicho nilichosema, kwamba ni ngazi ileile.

Mkaguzi_Mstaafu
Kwa mfano huu, kweli, mfumuko unajifuta wenyewe. Lakini unajifuta kwa sababu tumejaalia kila kitu kinapanda kwa asilimia 10 sawasawa, na hatujagusa kodi. Ondoa moja kati ya hayo uone.

Mama_Mikataba
Samahani kuingilia, kisa changu kinafanana. Sisi tuna mkataba wa kumpelekea mteja bidhaa kwa miaka 5 kwa malipo ya milioni 40 kila mwaka, na mkataba unasema wazi bei haitabadilika. Sasa kwa kuwa bei haipandi, hizo si ndizo bei za leo? Nitumie kile kiwango halisi cha 8?

Mkaguzi_Mstaafu
Hapana, dada. Hapo ndipo wengi wanateleza. Namba kukaa palepale miaka yote hakuifanyi kuwa ya bei za leo. Milioni 40 za mwaka wa tano ndizo zitakazoingia benki mwaka huo, kwa hiyo tayari ni fedha za mwaka wenyewe. Ukizipima kwa bei za leo, kwa mfumuko wa 10, zina nguvu ya milioni 24.8 tu. Kiwango chako ni kile kilichobeba mfumuko. Ukitumia 8, umemzawadia mteja wako na hujui.

Swali la kujiuliza kwenye kila mstari wa jedwali ni hili: bei zikipanda, namba hii itapanda nazo au itakaa? Inayopanda ni ya bei za leo mpaka uipandishe. Inayokaa, iwe pango la mkataba, marejesho ya mkopo au malipo kama yako, ni fedha ya mwaka wenyewe tangu ulipoiandika.

Mama_Mikataba
Ooh. Na gharama za kuitengeneza hiyo bidhaa zinapanda kila mwaka. Mbona sikuliona hilo. Kesho naanza na mstari wa mishahara.

Risiti_Halali
Nimekuwa nasoma kimya. Dira, hamlipi kodi?

Dira77
Tunalipa asilimia 30 ya faida. Nilidhani kodi inaingia baadaye, ukishajua mradi unalipa.

Risiti_Halali
Haiji baadaye, ndiyo itakayoamua. Kiwango cha 18.8 ni cha baada ya kodi au kabla?

Dira77
Nimeuliza sasa hivi. Ni cha baada ya kodi.

Risiti_Halali
Vizuri. Basi fedha nazo ziwe za baada ya kodi.

Tuseme sheria inakuruhusu kukata uchakavu wa mashine kwenye faida inayotozwa kodi, sawasawa kwa miaka 5, milioni 20 kila mwaka. Kodi ni asilimia 30, kwa hiyo uchakavu unakupunguzia kodi milioni 6 kila mwaka. Shika hiyo 6. Inatokana na bei uliyonunulia mashine, milioni 100, na ofisi ya kodi haitaipandisha hata senti bei zikipanda. Ni ndugu wa zile 40 za Mama Mikataba.

Mtu wa bei za leo atafanya hivi: 28 zikikatwa kodi ya 30 zinabaki 19.6, ongeza 6 ya nafuu ya uchakavu, jumla 25.6 kila mwaka, shusha kwa 8. Anapata 102.2. Ondoa 100, chanya 2.2. Anapiga muhuri.

Anayefuata fedha zenyewe atapata kitu kingine. Zile 28 zinazopanda, baada ya kodi, thamani yake ya sasa ni asilimia 70 ya 111.8, yaani 78.3. Hapo hawagombani. Lakini ile 6 inakaa 6 miaka yote, na inashushwa kwa 18.8. Thamani yake ya sasa ni 18.4, si 24.0 aliyoipata mwenzake. Jumla ni 96.7. Ondoa 100, hasi 3.3.

Mashine ileile, mfumuko uleule, kodi ileile. Mmoja anasema nunua, mwingine anasema acha. Aliyepatia ni wa pili.

FundiEksel
Ngoja. Wa kwanza si kafuata kanuni? Fedha za bei za leo, kiwango halisi. Nguo moja, kama alivyosema mzee.

Risiti_Halali
Amedhani tu amefuata. Kwenye ule 25.6 kuna 19.6 za bei za leo na 6 za mwaka wenyewe, zimejumlishwa kama vile ni kitu kimoja. Akitaka kubaki kwenye bei za leo ni halali yake, ila kwanza aigawanye ile 6 kwa mfumuko uliokusanyika. Mwaka wa kwanza inakuwa 5.45. Mwaka wa tano inakuwa 3.73. Halafu ashushe kwa 8. Atapata 18.4 kama mimi, na hasi 3.3 kama mimi.

Kwa hiyo mfumuko haukujifuta, Bahari. Umekula nafuu ya uchakavu, na mliwaji ni mwenye mradi. Serikali inakutoza kodi kwenye mauzo ya bei mpya huku ikikukatia uchakavu wa bei ya zamani.

Bahari_Tulivu
Hapo nimenyamaza.

Lakini swali: kwa nini basi watu wazima wanafanya kwa bei za leo? Nimeona hata miradi ya serikali inafanywa hivyo.

Mkaguzi_Mstaafu
Kwa sababu huko kiwango chenyewe kinatolewa kikiwa halisi. Wizara ya Fedha ya Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi imetumia asilimia 3.5 kupimia miradi ya umma, na hiyo ni halisi. Mradi wa barabara au maji haupimwi kwa kodi ya faida inayolipa, faida zake ni muda uliookolewa na afya, kwa hiyo shimo la uchakavu alilolionyesha Risiti halipo. Na ni rahisi mtu kufikiria bei za leo kuliko kubuni bei za mwaka wa ishirini.

Balaa linakuja mtu anapochukua jedwali la namna hiyo, akaliingiza kwenye kampuni, na kiwango akakichukua benki. Riba ya benki na faida za hati fungani za kawaida zimebeba mfumuko, labda ziwe zimeandikwa waziwazi kwamba zinafuata faharisi ya bei. Dhana yangu ni kwamba mwenzake Dira wa kwanza kafanya hivyo hasa.

Dira77
Mzee, umejuaje? Jedwali ni la mradi wa zamani wa mfadhili, tumebadilisha namba tu 😅

Jicho_la_Tatu
Mimi nina ubishi na kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Hiyo 10 imetoka wapi?

Dira77
Tumekadiria wenyewe. Kuna aliyesema iwe 6, maana anaona bei zinatulia. Tukaishia 10.

Jicho_la_Tatu
Basi sikiliza. Ile 18.8 ina mfumuko ndani yake, lakini ni mfumuko wanaoutarajia benki na wenye hisa, si wako. Kama wao wanatarajia 10, wanadai halisi 8. Ukiandika 6 kwenye mauzo yako na kuiacha 18.8 palepale, umebadilisha upande mmoja peke yake. Gawanya 1.188 kwa 1.06 uone: sasa unadai asilimia 12.1 halisi. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kudai 12.1. Imeingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa ule mfano wa kwanza usio na kodi, chanya 11.8 inaporomoka hadi 0.7. Na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana safi: fedha zimepandishwa, kiwango kimebeba mfumuko, mkaguzi anaweka tiki.

Mtihani wangu kwa jedwali lolote ninaloletewa ni huohuo. Nachukua kiwango, nagawanya kwa mfumuko uliotumika kwenye mauzo, natazama kinachobaki. Kikibaki 12 au 15 nauliza kama kweli biashara hii ina hatari ya kiasi hicho. Kikibaki 1, au kikawa hasi, najua mtu kavimbisha mauzo.

Mkaguzi_Mstaafu
Naafiki. Ila tuseme ukweli, mfumuko anaoutarajia mkopeshaji haujaandikwa popote. Unaukisia.

Jicho_la_Tatu
Unaukisia, lakini ukisie mara moja na uutumie pande zote mbili. Mfumuko mmoja kwenye seli moja, na mistari yote iisome seli hiyo. Ukiubadilisha, kiwango nacho kibadilike. Mimi hufunga kiwango halisi, kile cha 8, halafu kile kikubwa kinajitengeneza chenyewe.

FundiEksel
Hapo sikubaliani kabisa. Mkopo wa Dira ukiwa wa riba isiyobadilika, riba haishuki kwa sababu wewe umeandika 6. Mfumuko ukishuka kweli, gharama halisi ya huo mkopo inapanda kweli. Jedwali lako litaificha.

Jicho_la_Tatu
Kwa mkopo ulioshasainiwa una hoja. Lakini kiwango cha kupimia mradi si riba ya mkopo mmoja, ni kile ambacho fedha hiyo ingepata kwingine kwenye hatari kama hiyo. Na kwingine nako mfumuko ungeshuka.

FundiEksel
Ungeshuka polepole. Tuiache hapo, mimi ningempelekea bosi hesabu zote mbili.

Mama_Mikataba
Nimerudi na swali lingine. Mishahara kwetu inapanda kwa kasi kuliko bei za vitu, na bei tunayouzia inapanda taratibu kwa sababu washindani ni wengi. Nipandishe kwa mfumuko gani?

Mkaguzi_Mstaafu
Kila mstari kwa mwendo wake, dada. Halafu kiwango kinabaki na mfumuko wa jumla, kwa sababu mwenye mtaji hali bidhaa yako peke yake, ananunua vitu vyote.

Chukua mfano wa Dira. Gharama za 52 zipande kwa 10, lakini mauzo ya 80 yapande kwa 7 tu. Mwaka wa tano mauzo yanakuwa 112.2 na gharama 83.7. Kinachobaki ni 28.5, badala ya 45.1 tuliyoihesabu mwanzo. Asilimia 3 za mwaka zinaonekana kama mzaha, lakini zinakaa juu ya mauzo yote huku wewe ukila kile chembamba kinachobaki katikati, kwa hiyo zinakimega vibaya.

Hapa ndipo wanaotumia bei za leo hujidanganya kwa ulaini. Wanaandika 28, 28, 28 wakidhani hawajakadiria chochote kuhusu bei. Wamekadiria kitu kikubwa sana: kwamba mauzo, mishahara na umeme vitapanda kwa mwendo mmoja kwa miaka mitano. Kwa bei za leo, ile 28.5 ya mwaka wa tano ni 17.7.

Dira77
Wakuu nimerudi kutoka kwa mtu wa kodi. Uchakavu kwetu si sawasawa. Tunaruhusiwa kukata nusu ya bei mwaka wa kwanza, nusu inayobaki inagawanywa sawasawa kwa miaka minne. Hii inabadilisha?

Risiti_Halali
Inabadilisha sana, na kwa faida yenu. Nafuu ikija mapema mfumuko unakosa muda wa kuila. Mwaka wa kwanza mnaokoa kodi milioni 15, kisha 3.75 kwa miaka minne. Zishushe kwa 18.8: 21.0 badala ya 18.4. Jumla inakuwa 99.2, kwa hiyo hasi 0.8. Karibu mkono kwa mkono.

Kama mngeruhusiwa kukata yote 100 mwaka wa kwanza, ingekuwa chanya 3.5. Yote haya ni kama kampuni ina faida nyingine za kutosha kuumeza uchakavu huo mwaka uleule. Kama haina, hasara inasogezwa mbele bila kuongezewa mfumuko, na unarudi ulikotoka.

Mzee_wa_Stoo
Vijana, mnapiga hesabu za mashine tu. Bidhaa mtauza kwa mkopo au taslimu? Maana mimi nimekaa stoo na nimeona biashara inauza vizuri kila mwaka na haina hela.

Dira77
Shikamoo mzee. Kwa mkopo. Kwa bei za leo wateja watakuwa wanatudai... samahani, tutakuwa tunawadai kama milioni 10 muda wote. Mwisho wa mradi tunazikusanya. Nilikuwa naziweka hasi 10 mwanzo na chanya 10 mwisho.

Risiti_Halali
Marahaba kwa niaba ya mzee 😀 Hapo napo pana mtego uleule.

Kwa kiwango cha 8, hasi 10 leo na chanya 10 mwaka wa tano ni hasi 3.2. Lakini kuandika chanya 10 kwa bei za leo maana yake mteja atakulipa milioni 16.1 mwaka wa tano. Nani kamkopesha 16.1? Bei zikipanda deni la wateja linavimba: 10 inakuwa 11, halafu 12.1, mpaka mwaka wa nne 14.6. Kila mwaka unaongeza fedha yako mfukoni mwao: 1, kisha 1.1, kisha 1.21, kisha 1.33. Mwaka wa tano unakusanya 14.6. Zishushe zote kwa 18.8 na gharama ya kuwakopesha ni hasi 6.8.

Ile 6.8 iongeze kwenye hasi 0.8 yako. Mko hasi 7.6.

Mzee_wa_Stoo
Ndicho nilichokuwa nakisema. Na mali iliyo stoo ni hivyohivyo, nayo itaongezewa kila mwaka.

Mkaguzi_Mstaafu
Ya stoo hapana, au si moja kwa moja. Mali stoo ni kitu, si ahadi ya fedha. Idadi ikibaki ileile, kila mwaka unanunua ulichotumia kwa bei ya mwaka huo, na bei hiyo tayari iko kwenye gharama zetu zinazopanda. Mwisho wa mradi unatumia mali iliyopo, na inakuokolea ununuzi kwa bei ya mwaka wa tano, 16.1. Kwa stoo, hasi 10 na chanya 10 kwa kiwango halisi inakubalika. Ukiongeza tena nyongeza za kila mwaka unamtoza mfumuko mara mbili.

Risiti_Halali
Mzee, kabla ya kodi nakubali. Lakini ofisi ya kodi ikihesabu gharama ya mali uliyouza kwa bei ya zamani, ile faida ya bei kupanda inatozwa kodi mwaka baada ya mwaka, ingawa hukuiona taslimu. Kwa hiyo kuna kitu cha kuongeza, ila ni kodi yake tu, si nyongeza nzima.

Mzee_wa_Stoo
Sisi tulikuwa tunaweka nyongeza nzima na mkaguzi alipitisha.

Mkaguzi_Mstaafu
Inategemea gharama za mauzo ziliandikwaje kwenye jedwali hilo. Kama ziliandikwa kwa bei mliyonunulia zamani, nyongeza ilikuwa halali. Kama ziliandikwa kwa bei ya mwaka huo, mlijitoza mara mbili. Bila kuliona siwezi kusema.

Bahari_Tulivu
Dira, sasa bosi unamwambia nini?

Dira77
Namwambia wenzangu wote wawili wamekosea, na namwonyesha zile njia mbili zikikutana kwenye 111.8. Halafu namwonyesha kodi, na hapo hasi 0.8 kama wateja wangelipa taslimu, hasi 7.6 kwa mkopo kama ulivyo sasa. Mtu wa mauzo ameshaniambia kwamba wawili kati ya wateja wakubwa wangekubali kulipa wakipokea mzigo kama tukiwapunguzia bei kidogo. Sijui kidogo ni kiasi gani.

Jicho_la_Tatu
Asilimia 1 ya mauzo yote ni 0.8 kwa mwaka kwa bei za leo, baada ya kodi 0.56. Inapanda na bei, kwa hiyo ishushe kwa 8: ni kama 2.2. Kuondoa mkopo wote kunakuokolea 6.8. Mnaweza kupunguza hadi asilimia 3 kabla hamjajiumiza, kama wateja wote watakubali. Wawili tu, piga upya. Na hata hivyo hujafika sifuri.

Dira77
Na bado sijapandisha mauzo kwa 7 badala ya 10.

Jicho_la_Tatu
Usiipandishe usiku huu. Kaulize kwanza mtu wa mauzo bei imepanda kwa ngapi miaka mitatu iliyopita.